Usisome haraka, na faida usiiache mwisho

"Nina maelezo ya ukurasa mzima ya taa yangu ya sola, redio wamenipa sekunde 30. Nimepanga msomaji akimbize kidogo ili yote yaingie, halafu tumalizie na faida yenyewe kwa kishindo. Niweke muziki gani, na sauti iwe ya kike au ya kiume?"

Simama hapo hapo, usilipe. Hilo la kukimbiza halafu kumalizia na faida ndilo lililonila shilingi milioni moja na laki mbili, na bado linaniuma.

Mimi nauza majiko ya makaa hapa Busia, upande wa Uganda, yale ya bati yenye udongo ndani. Karatasi ya fundi ilikuwa na kila kitu: bati gumu, udongo uliochomwa, mlango wa hewa, mikono miwili, miguu mitatu, saizi tatu, dhamana ya mwaka mmoja. Kijana wa studio aliyenitengenezea tangazo akaniambia sekunde 30 zinabeba maneno 75 hadi 80, hiyo ndiyo kanuni, hata Ulaya wanafanya hivyo. Nikamwamini kwa sababu alikuwa na vyombo vikubwa na mimi nina majiko.

Kanuni hiyo ni ya Kiingereza! Pale sisi tunaposema "nitakupikia", Kiingereza kinatumia maneno matano. Neno letu moja limebeba mtenda, wakati na mtendewa, kwa hiyo maneno 75 ya Kiswahili hayaingii sekunde 30 hata msomaji awe na mapafu ya tarumbeta. Yeye hakupima. Alihesabu maneno tu, akarekodi, ikatoka sekunde 38. Badala ya kupunguza maneno akaiongezea kasi kwenye kompyuta ikafika 34, akaniambia iko sawa, nikailipia.

Kompyuta ya redio haina huruma. Nafasi ni sekunde 30, ikifika 30 inakata na kuingiza tangazo la mwingine. Nimekaa dukani na redio yangu ndogo, nasikia bati, nasikia udongo, nasikia miguu mitatu, halafu: "...na linapunguza matu—" na hapo hapo mtu wa magodoro ameingia. Wiki mbili nzima, mara nne kwa siku. Sababu pekee ya mtu kununua jiko langu haikusikika hata mara moja, maana niliiweka mwisho nikidhani ndiyo kishindo.

Bei ilikuwa imetangulia, kwa hiyo ilisikika vizuri kabisa. Mama mmoja wa sokoni alikuja, akalishika jiko, akaligeuza chini juu, akauliza, "Elfu thelathini na tano kwa sababu ya miguu?" Sigiri ya kawaida anaipata chini ya nusu ya bei hiyo. Alikuwa na haki. Bei ikisikika bila faida ni hasara tupu masikioni mwa mtu, na mimi nilikuwa nimelipia hasara hiyo itangazwe.

Sasa sikiliza nilivyofanya safari ya pili. Niliifunga karatasi ya fundi. Nikachukua kila sifa nikaiuliza "kwa hiyo?" mpaka nifike jikoni kwa mnunuzi. Udongo umechomwa, kwa hiyo? Unashika joto. Kwa hiyo? Makaa hayaishi haraka. Kwa hiyo? Debe la makaa linakaa siku nyingi zaidi. Hapo nikasimama, kwa sababu hapo ndipo pesa ya mama ilipo, hasa tangu amri ya rais ya 2023 ilipopiga marufuku biashara ya makaa kule kaskazini na kila mtu akawa anahesabu vipande. Mikono miwili niliiuliza pia: kwa hiyo? Huungui. Vizuri, lakini hakuna anayetoka nyumbani kununua jiko kwa sababu hiyo. Ikaachwa. Kabla ya kuandika nikawapa majirani watatu jiko kwa wiki mbili, kila mmoja akahesabu siku za debe lake. Walikuwa wanapata siku nne, wakafika saba. Usitangaze namba ambayo hujaipima, mteja ataipima yeye.

Hili ndilo lililotoka:

"Mama, debe lako la makaa linaisha siku ngapi? Nne? Kwa jiko hili, debe lilelile linakufikisha siku ya saba. Udongo wa ndani unashika moto, makaa hayateketei ovyo. Shilingi elfu thelathini na tano tu. Njoo soko kuu la Busia, duka lenye mlango wa kijani, mkabala na wauza samaki. Debe moja, siku saba."

Maneno 50. Lakini usihesabu maneno, hesabu silabi: hapo kuna kama 120. Msomaji anayesoma kwa raha anatoa silabi tano hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni sekunde 24 za kusema, na zinazobaki ni za kupumua na kuacha lile swali lizame. Faida imekamilika kabla ya sekunde ya kumi. Hata redio wakate mkia, hata mtu apite na bodaboda asikie mwanzo tu, siku saba ameipata. Bei inakuja baada ya faida, kwa hiyo anayesikia elfu thelathini na tano tayari anapiga hesabu ya makaa kichwani.

Angalia pia kilichokufa njiani. "Lililotengenezwa" peke yake ni silabi saba, sekunde moja na nusu ya hewa niliyoilipia, na halimwambii mama chochote. Karatasi za bidhaa zimejaa "ambalo", "lenye", "linalopatikana". Anza kufyeka hapo. Namba ya simu nayo niliitoa, ingawa yule kijana alisisitiza isomwe mara mbili. Tarakimu kumi mara mbili ni karibu sekunde kumi, theluthi ya tangazo lako, na mtu aliyeshika mwiko haandiki namba. Kama huna duka na simu ndiyo mlango wako pekee, iache, lakini isomwe mara moja na ujue kwamba maelezo mengine yote sasa yana sekunde 25.

Taa yako nimeisoma. Paneli ya wati ngapi, betri ya lithiamu, viwango vitatu vya mwanga: zote peleka kwenye boksi. Uliza "kwa hiyo?" mpaka ufike kwa mtu. Kama unauzia watu wanaonunua mafuta ya taa, faida ni ile pesa ya mafuta wanayoitoa kila wiki. Kama ni wenye maduka ya usiku, faida ni kuuza mpaka saa nne. Chagua mmoja. Mbili hazikai ndani ya sekunde 30, utapoteza zote, na tafadhali usinijibu kwamba zako ni fupi.

Ukishaandika, soma kwa sauti, umesimama, saa ya simu mkononi. Ikizidi 28, kata sentensi nzima, usiongeze kasi. Halafu msomee mtu asiyejua bidhaa yako, mara moja tu, mwache aendelee na kazi zake dakika kumi, umuulize ile taa ingemfanyia nini. Mimi wa kwanza kumsomea alijibu "siku saba" bila kuinua kichwa kwenye samaki wake, na hapo ndipo nilipokwenda kulipa redio.

Weka sentensi yako ya kwanza hapa kabla hujaingia studio. Hiyo moja tu, nitaipigia saa leo leo.