Seva zetu au za kukodi kwa miaka 5?

"Sako yetu ina wanachama 4,000. Tununue seva 2 au tukodi wingu, yaani seva za mbali kupitia intaneti, kwa miaka 5?"

Bili ya wingu mara nyingi huja kwa dola, na hapo ndipo tulipoumia. Dola 900 kwa mwezi zilikuwa kama shilingi za Kenya 101,700 mwanzoni mwa 2022, dola ikiwa 113. Januari 2024 ilifika 160: bili ileile, 144,000. Kwenye jedwali lenu la gharama wekeni kiwango kibaya cha dola, si cha leo.

— Basi nunueni! Seva ukishalipia umemaliza.

Hujamaliza, kaka. Dhamana mara nyingi ni miaka 3. Diski ikifa mwaka wa 4 ni mfuko wenu. Betri za kushikilia umeme nazo mara nyingi hazimalizi miaka 5. Ongeza kiyoyozi, jenereta, na kijana wa kuamka saa nane usiku.

— Sisi tuko Turkana, intaneti hukatika kutwa. Wingu la nini?

Kwenu, mama, ningeweka seva ofisini, nakala rudufu tu ndiyo ikae kwa kukodi. Ila irejesheni kila robo mwaka muone inafunguka. Yetu tulipoihitaji, faili lilikuwa na baiti 0. Kwa sako zenye matawi mengi, hapo bado tunabishana.