Sili mbili kwenye mizani moja

"Wakuu, nimepewa mwongozo wa mizani ya malori ya tani 60 niutafsiri kwa ajili ya wapimaji wa ghalani. Nimekwama kwenye sili, kitufe cha TARE na sehemu ya usahihi. Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie."

Mkuu, anza na sili, maana hapo ndipo nilipoharibu mimi.

Mwongozo wangu ulikuwa na sentensi fupi kwenye sura ya matengenezo: kagua sili za kisanduku cha kuunganishia nyaya za vihisi uzito, zilizochakaa zibadilishwe. Kurasa za mbele nilikuwa nimeshaamua sili ni lakiri, nikaendelea na lakiri hadi mwisho. Fundi mmoja wa mizani aliyenisomea rasimu akanipigia simu usiku. Akaniambia, "Ndugu yangu, hapa umemwagiza mpimaji akate lakiri ya serikali aweke yake." Sentensi ile ilihusu mpira unaozuia maji yasiingie kwenye kisanduku. Kisanduku hicho hicho kinaweza kuwa na waya na kipande cha risasi chenye alama ya mkaguzi, na kukigusa hicho ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Tangu siku hiyo ya mpira naiita gasketi, na ya mkaguzi ni lakiri. Neno sili silitumii kabisa, hata kama mafundi wanalisema kila siku, kwa sababu linabeba vyote viwili. Ukitaka kujua mwongozo unazungumzia ipi, tazama kinachofuata. Wakitaja maji, vumbi au kubana skrubu, hiyo ni gasketi. Wakitaja swichi ya kalibresheni, namba ya alama au mkaguzi, ni lakiri. Pakiwa na shaka, omba mchoro.

Kalibresheni nayo ichambue kabla hujaiandika. Kulinganisha mizani na mawe ya kupimia yenye uzito unaojulikana hakubadilishi kitu. Kurekebisha kunabadilisha, na mara nyingi lazima lakiri ikatwe kwanza. Uhakiki ni wa Wakala wa Vipimo, ndio unaoiruhusu mizani kutumika kwenye biashara. Ukiandika "rekebisha mizani kila mwezi" pale mwandishi alipokusudia kulinganisha, umemtuma mpimaji kufungua mahali asiporuhusiwa.

Kwenye TARE, kosa la kawaida ni kuandika "weka sifuri" kwa TARE na kwa ZERO pia. Kioo kinaonyesha sifuri kwa vyote viwili, lakini kazi ni tofauti. ZERO ni ya mizani tupu, kufuta uzito wa tope au maji ya mvua. TARE ni ya kutoa uzito wa chombo ili ubaki uzito halisi. Chukua mizani ya jukwaa ya kilo 300 yenye chaga la kilo 20 juu yake. Kwa kawaida ZERO haivuki asilimia 4 ya uwezo wa mizani, yaani kilo 12, kwa hiyo kitufe kinakataa na mpimaji anadhani mizani imeharibika. Mimi niliandika "TARE: toa uzito wa chombo" na "ZERO: sifurisha mizani tupu". Majina ya vitufe yaache kama yalivyo, ndiyo atakayoyaona.

Kwa malori, PT ni uzito mtupu uliohifadhiwa tangu awali. Ongeza sentensi ya tahadhari hapo, hata kwa kumwomba mteja ruhusa: dizeli lita 400 ni zaidi ya kilo 300, kwa hiyo lori lililopimwa tupu likiwa na tangi kavu halilingani na lile lile likiwa limejaza.

Usahihi sasa. Mwongozo wangu ulisema mizani ni ya kundi la usahihi la III kwa OIML R 76, pendekezo la kimataifa kuhusu mizani, na bamba lilisomeka e = 20 kg. Hiyo e niliiita "hatua ya uhakiki". Mteja alitaka niandike tu "usahihi ni kilo 20", nikakataa, kwa sababu mkengeuko unaoruhusiwa hukua na mzigo. Wakati wa uhakiki wa kwanza ni nusu hatua hadi hatua 500, hatua moja hadi 2,000, kisha hatua moja na nusu. Lori tupu la tani 14 ni hatua 700, hivyo linaruhusiwa kilo 20 juu au chini. Likirudi na tani 42 ni hatua 2,100, linaruhusiwa kilo 30. Mizani ikishakuwa kazini, viwango hivyo huwa maradufu: 40 na 60. Niliweka jedwali dogo la kilo badala ya sentensi, na mpimaji akaacha kubishana na dereva juu ya tofauti ya kilo 20.

Alama za bamba, yaani Max, Min na e, usizitafsiri. Zieleze mara moja mwanzoni, kisha zitumie zilivyo.