Pengo nililikuta kwenye shamba la mizabibu

"Wakuu, nasoma uzamili wa sheria hapa Dodoma. Msimamizi kanirudishia sura ya mapitio ya maandiko mara ya pili, kaandika 'hii ni orodha ya vitabu, pengo liko wapi?' Nimesoma maandiko 38, nimeyaeleza yote. Hilo pengo linatafutwaje?"

Mkuu, mimi pia nilirudishiwa mara mbili, kwa hiyo sitakucheka. Rasimu yangu ya kwanza ya sura hii ilikuwa na kurasa 31, na karibu kila aya ilianza na jina la mtu: fulani anasema, fulani naye anaeleza, fulani anaongeza kuwa. Msimamizi aliyazungushia kalamu nyekundu majina yote hayo, kisha pembeni akaandika neno moja: "Halafu?"

Mada yangu ilikuwa mgawanyo wa mali baada ya talaka vijijini. Mwisho wa sura niliandika kwa kujiamini kwamba hakuna utafiti uliofanyika kuhusu jambo hili mkoani Dodoma. Ukisoma tasnifu za wenzetu utaikuta sentensi hiyo kila mahali, na kwa sheria haina nguvu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ile ile Dodoma na Kagera. Ukisema Dodoma haijaandikwa, umeonyesha pengo la ramani. Litakuwa la sheria pale tu utakapoonyesha kitu cha huku kinachoifanya sheria hiyo ikwame.

Kwangu kitu hicho kililetwa na mama mmoja wa Mpunguzi, nilipokuwa najitolea kwenye msaada wa kisheria. Baba mkwe alimkatia mwanawe kipande cha shamba kabla ya ndoa, wakawa wanalima uwele. Baadaye yule mama na mumewe wakapanda mizabibu, wakachimba mashimo, wakasimika nguzo na waya. Ndoa ilipovunjika, wazee wa upande wa mume wakaja na neno moja: "Shamba si la huyu kijana, ni la ukoo. Alipewa alime." Kwa maana hiyo hakuna cha kugawana.

Sasa chukua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kifungu kidogo cha (3) kinasema mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni pamoja na ile aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa wakati wa ndoa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Mizabibu juu ya shamba la uwele ni uendelezaji, sidhani kama kuna atakayebisha. Lakini kifungu kinaanza na mali ambayo *mmoja wao anaimiliki*. Kama shamba ni la ukoo, kifungu kinaanzia wapi?

Nilirudi kwenye maandiko yangu nikiwa na swali hilo moja, na safari hii sikusoma ili nieleze mtu amesema nini. Nilichora jedwali kwenye daftari la hesabu, mstari mmoja kwa kila andiko, safu nne: anajibu swali gani, anategemea kifungu gani, aliandika wakati sheria ikoje, na anachukulia nini kuwa kimeshathibitishwa. Safu ya nne ndiyo iliyonitoa. Mwandishi hakujazii hiyo. Inabidi ujiulize ni nini lazima kiwe kweli ndipo hoja yake isimame.

Nilipoimaliza, maandiko yaligawanyika yenyewe mafungu mawili. Watu wa sheria ya ndoa walikuwa wanabishana mke apate kiasi gani, na kazi ya nyumbani ihesabiwe vipi. Safu yao ya nne ilikuwa na jibu lile lile kila mstari: mali ni ya mume, au ya wote wawili. Mifano yao mingi ilikuwa nyumba za mjini. Watu wa sheria ya ardhi walijadili nani mmiliki chini ya mila, na walikitumia sana kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ila mwanamke wao alikuwa mjane au binti anayedai urithi. Mtalaka hakuwemo.

Kwa hiyo fungu la kwanza linaanza baada ya umiliki kujulikana, na la pili linaishia kabla ya talaka. Mama wa Mpunguzi yuko katikati. Hapo ndipo palikuwa na pengo, na sikulikuta ndani ya andiko lolote moja. Ningeendelea kuyaeleza moja moja nisingeliona hata kama ningesoma mia.

Safu ya tatu nayo usiidharau. Marekebisho ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi. Andiko la kabla ya hapo linalosema baraza la kata litaamua shamba ni la nani bado linafaa, ila ulitaje kama picha ya sheria ilivyokuwa. Mimi nilikuwa na mawili ya namna hiyo na nilikuwa nimeyaandika kana kwamba ni sheria ya leo.

Kuhusu kesi, wengi tunajaza sura hii kwa hukumu na vifungu. Hizo nafasi yake ni sura ya mfumo wa sheria. Huku unapima wasomi wamezisomaje. Chukua Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Karibu kila mtu anaitaja kwa kuwa ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango. Wachache wanaendelea kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha biashara alizitapanya. Hapo una la kusema juu ya *wanaoisoma* kesi, na hayo ndiyo mapitio.

Uandishi wenyewe ulibadilika hivi. Zamani: "Mwandishi A anaeleza kuwa kifungu cha 114 kinatambua mchango wa kazi. Mwandishi B naye anaeleza kuwa mila bado zinamnyima mwanamke ardhi." Baadaye: "Waandishi wa sheria ya ndoa wanatofautiana juu ya kipimo cha mchango (A; C), lakini wote wanaanza na mali ambayo mwenye nayo anajulikana. Waandishi wa sheria ya ardhi wanaouhoji umiliki huo (B, D) hawaufikishi kwenye talaka. Hivyo, katika maandiko yaliyopitiwa, haijajibiwa kama uendelezaji wa ardhi ya ukoo unaangukia kifungu cha 114(3)." Majina yameingia kwenye mabano, hoja ndiyo inayoanza aya. Na hayo maneno "katika maandiko yaliyopitiwa" usiyaache, maana ukisema "hakuna aliyewahi kuandika," mtahini mmoja akiwa na makala moja tu kwenye mkoba wake umekwisha.

Kabla hujamrudishia msimamizi, ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, utafute kifungu chako pamoja na maneno ya tatizo lako. Mimi nilitafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, maana hukumu zipo kwa lugha zote mbili. Ukikuta Mahakama ya Rufani imeshajibu, usikate tamaa wala usijifanye hukuona. Swali linahama: je, wasomi wameipima hukumu hiyo, na mahakama za mwanzo, ambazo kwa kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa nazo zinasikiliza mashauri haya ya ndoa, zinaifuata?

Rasimu yangu ya tatu ilitoka kurasa 19. Maandiko kumi na moja niliyatoa kabisa, na yalikuwa yale niliyoyapenda zaidi. Ukitaka, weka hapa swali lako la utafiti na maandiko yako matano makuu, tuijaze hiyo safu ya nne pamoja.