Kampuni ikifilisika, nyumba yangu itauzwa?

"Kampuni yetu imeshindwa kulipa mkopo wa shilingi milioni 80. Mimi ni mwanahisa. Je, benki itauza nyumba yangu?"

Ndugu, kisheria kampuni ni mtu anayejitegemea na deni ni lake, kama ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, ambayo msingi wake unafuatwa Tanzania na Kenya pia. Ikiwa ulichukua hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja ukalipia 60 tu, mfilisi atakudai shilingi 400,000 zilizosalia, basi. Hata hivyo, usome tena mkataba wa mkopo: ukikuta ulisaini dhamana binafsi, au uliweka hati ya nyumba rehani, kinga hiyo haitakusaidia kwa deni hilo. Tafadhali mwone wakili kabla ya kusaini makubaliano mapya ya ulipaji, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo benki huomba dhamana ambayo awali haikuwapo.