Nukta tatu na mabano ya mraba: kunukuu Ibara ya 24 kwenye barua ya madai bila kuipindisha

SWALI: Wakili msomi habari za saa hizi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, tuna mteja barabara ya halmashauri imekula kiwanja chake na mpaka leo hajalipwa. Kwenye barua ya madai niliandika hivi: Ibara ya 24(2) ya Katiba inasema “Ni marufuku kwa [mteja wetu] kunyang'anywa [kiwanja chake] ... bila ya ... fidia inayostahili.” Bosi kairudisha na kalamu nyekundu, “hii siyo Katiba”. Sasa nukta nimeweka, mabano ya mraba nimeweka, kosa liko wapi?

JIBU: Nzuri tu. Bosi wako yuko sahihi, na afadhali imerudi kwake kuliko ingeenda ikarudishwa na mwanasheria wa halmashauri. Hebu tuiweke kwanza ibara ndogo yenyewe nzima mezani, hii ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977:

“(2) Bila ya kuathiri masharti ya ibara ndogo ya (1), ni marufuku kwa mtu yeyote kunyang'anywa mali yake kwa madhumuni ya kuitaifisha au madhumuni mengineyo bila ya idhini ya sheria ambayo inaweka masharti ya kutoa fidia inayostahili.”

Soma taratibu pale mwishoni. Bila ya nini? Bila ya idhini ya sheria. Na sheria ya namna gani? Ile ambayo inaweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Yani kinachokatazwa hapo ni kunyang'anywa mali pasipo sheria ya aina hiyo. Wewe umetoa “idhini ya sheria ambayo inaweka masharti ya kutoa” ukabakiza “bila ya ... fidia inayostahili”, kwa hiyo msomaji anaelewa kwamba Katiba inakataza kunyang'anywa bila kulipwa. Zinafanana kwa mbali lakini ni katazo jingine kabisa. Kila neno ulilobakiza limo kwenye Katiba, hakuna ulilobuni, ila ile “bila ya” umeitoa kwa “idhini” ukaiunganisha na “fidia”, na hapo ndo sentensi ikawa ya kwako.

Sasa angalia hilo linakugharimu vipi. Mwanasheria wa halmashauri akisoma hiyo barua hatahangaika na kiwanja, ataifungua Katiba, atainukuu nzima, halafu atakwambia sheria inayoruhusu utwaaji ipo, Sheria ya Utwaaji Ardhi Sura ya 118, na ina masharti ya fidia, kwa hiyo Ibara ya 24(2) haijavunjwa, na tena mleta madai amenukuu Katiba nusunusu. Umeshapoteza pointi kwenye aya ya kwanza. Na kibaya zaidi umeitupa hoja yako mwenyewe iliyo nzuri kuliko hiyo, maana mara nyingi kwenye hizi kesi za barabara ya mtaa greda linapita tu, hakuna notisi ya kutwaa, hakuna uthamini, hakuna hatua yoyote ya hiyo Sura ya 118 iliyofuatwa. Hapo swali la kuwabana ni “mlichukua kwa idhini ya sheria ipi?” na maneno yanayokupa nguvu ya kuuliza hivyo ndo hayohayo uliyoyafuta kwa nukta.

Kwa hiyo kabla hujaweka nukta tatu, tafuta kwanza mgongo wa sentensi: nani anaambiwa, anakatazwa au anaruhusiwa nini, na kwa sharti gani. Hivyo vitatu havikatwi. Maneno kama isipokuwa, bila ya, iwapo, kwa mujibu wa, kwa kuzingatia, tu, na hata “au” na “na”, ukikuta kipande unachotaka kukitoa kina mojawapo basi simama, usikitoe mpaka umejiridhisha hakibebi sharti. Kipande kinachotoka bila shida ni kile ambacho ukikirudisha madai yako hayatikisiki. Kwenye 24(2) kipo kimoja, “kwa madhumuni ya kuitaifisha au madhumuni mengineyo”, kwa sababu “mengineyo” inafungua mlango kwa madhumuni yoyote, ya barabara yamo humo, kwa hiyo ukikitoa katazo halipanuki wala halipungui. Ingawa mimi binafsi ningekiacha, maneno saba hayajazi karatasi, na msomaji wa upande wa pili hapati sababu ya kujiuliza umeficha nini.

Ule mwanzo, “Bila ya kuathiri masharti ya ibara ndogo ya (1)”, unaweza kuuacha nje bila nukta yoyote endapo nukuu inaingia katikati ya sentensi yako. Hivi:

Ibara ya 24(2) inaeleza kuwa “ni marufuku kwa mtu yeyote kunyang'anywa mali yake [...] bila ya idhini ya sheria ambayo inaweka masharti ya kutoa fidia inayostahili.”

Ile “ni” imebaki herufi ndogo kama ilivyo kwenye Katiba, na kila mtu anaona kwamba umeanzia katikati. Kama unataka nukuu isimame peke yake kama sentensi kamili ndo unaandika “[N]i marufuku”, mabano yakisema hii herufi kubwa nimeiweka mimi. Wewe uliandika “Ni” bila mabano, ni kadogo lakini mtu aliyezoea kazi akikaona anajua mwandishi hakurudi kwenye chanzo. Na uone nukta zangu nimezifungia ndani ya mabano ya mraba, sababu ni kwamba nukta tupu mtu anaweza kudhani zimo kwenye sheria yenyewe, na mabano ya duara hayafai kabisa kwa sababu sheria zinayatumia zenyewe kwa (1), (2), (a), (b).

Haya tuje kwenye mabano, hapa ndo wengi tunachemsha. Mabano ya mraba kazi yake ni kumsaidia msomaji kuelewa neno ambalo likitolewa kwenye sheria linaning'inia, mfano sheria inasema “chombo hicho” na chombo kimetajwa aya ya nyuma, basi unaandika “chombo hicho [Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya]” ukiacha neno la sheria lilipo na maelezo yako yakifuata. Wewe umetoa “mtu yeyote” ukaweka “[mteja wetu]”, ukatoa “mali yake” ukaweka “[kiwanja chake]”. Hapo umeshaingiza hoja yako kinywani mwa Katiba. Kama kiwanja ni mali ya mteja wako au la, huenda ndo jambo lenyewe linalobishaniwa, labda halmashauri inasema pale ni hifadhi ya barabara na mteja alivamia, sasa huwezi kulimaliza kwa mabano. Halafu angalia na upatanisho wa lugha yetu, ukibadilisha “mali” kuwa “kiwanja” lazima “yake” igeuke “chake”, ukibadilisha umoja kuwa wingi kitenzi nacho kinageuka, na watu huwa wanabadilisha nomino ndani ya mabano halafu kiambishi kinachofuata wanakirekebisha kimyakimya nje ya mabano. Ukijikuta unafika huko acha kunukuu, eleza kwa maneno yako bila alama za nukuu, halafu taja ibara.

Kumfunga mteja na ibara ni kazi ya sentensi yako inayofuata. Mimi ile aya ningeiandika hivi:

Ibara ya 24(1) ya Katiba inampa kila mtu “haki ya kumiliki mali, na haki ya hifadhi ya mali yake aliyonayo kwa mujibu wa sheria.” Ibara ndogo ya (2) inaongeza kuwa “ni marufuku kwa mtu yeyote kunyang'anywa mali yake kwa madhumuni ya kuitaifisha au madhumuni mengineyo bila ya idhini ya sheria ambayo inaweka masharti ya kutoa fidia inayostahili” (msisitizo tukiuweka, tuseme ni wetu). Kiwanja cha mteja wetu ni mali anayoimiliki kwa hati iliyoambatishwa. Halmashauri haijaonyesha ni sheria ipi iliyotumika kukichukua, na kama ilitumika, fidia iliyo chini ya sheria hiyo haijalipwa.

Hayo ya msisitizo kwenye mabano nimekuwekea wewe tu, kwenye barua yanabaki “(msisitizo ni wetu)” endapo umekoleza wino au kupiga mstari mahali, kama hujafanya hivyo yafute. Ona pia nukuu ni mbili, kila moja na alama zake. Usije ukaruka kutoka ndogo ya (1) kwenda ya (2) kwa nukta tatu ndani ya nukuu moja, zile ni kanuni mbili tofauti na utazigeuza sentensi moja ambayo Bunge halikuiandika. Na ile “kwa mujibu wa sheria” ya mwisho usiikate, watu wanapenda kuishia “haki ya kumiliki mali” na kupiga nukta kana kwamba Katiba iliishia pale.

Kuna hili la kukopi na kupesti nalo. Katiba iliyochapwa ina maelezo ya pembeni, kichwa cha ibara pamoja na sheria iliyoiingiza, na ibara hizi za haki za binadamu ziliingizwa na Sheria Na. 15 ya 1984, sasa ukikopi kutoka kwenye faili la kompyuta yale maelezo ya pembeni wakati mwingine yanatua katikati ya sentensi ya ibara. Ukiona “Sheria ya 1984 Na. 15” imechomoza ndani ya nukuu ujue ndo hiyo. Toa, wala usiweke nukta za kuonyesha umetoa, maana halikuwa sehemu ya ibara. Ila kama kosa la uchapaji limo kwenye maandishi rasmi yenyewe, usilisahihishe kimya, liache halafu andika [kama ilivyo] mbele yake.

Na ukinukuu Sura ya 118 au Sheria ya Ardhi Sura ya 113 kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza ukayageuza Kiswahili mwenyewe, sema waziwazi “tafsiri ni yetu” na uweke maneno ya asili kwenye kiambatisho, usiyafungie tafsiri yako ndani ya alama za nukuu kama vile ndo sheria ilivyoandikwa. Taja na toleo ulilotumia, toleo moja la marekebisho na jingine vifungu vinaweza kuhama namba.

Ukimaliza mpe mwenzio ofisini asome nukuu peke yake, bila barua, akwambie nani kakatazwa nini na kwa sharti gani, halafu mfungulie ibara nzima, kama anabadilisha jibu lake rudia kukata. Ibara ya 30(2) iangalie pia kabla hujatuma, ndo inayolinda sheria za manufaa ya umma na wataitaja tu, ni vyema uitaje wewe kwanza. Hii barua ikishindikana, notisi ya siku 90 ndo inafuata na kopi inaenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa hiyo nukuu hiyohiyo utaibeba mpaka huko, ambatisha kabisa ukurasa mzima wa ibara ya 24 uwe nyuma ya barua.