Wadogo zangu, "ardhi" ya China iandikieni mwaka

Nimemaliza kusahihisha insha zenu za semina, na karibu zote zina sentensi ileile: Chama cha Kikomunisti kiliwapa wakulima ardhi, wakulima wakakipa ushindi. Inaniuma kwa sababu nami niliiandika.

1. Anzeni na Aprili 1927. Chiang Kai-shek, kiongozi wa chama cha kizalendo cha Kuomintang, alipowaua wakomunisti Shanghai, chama kilianza kupoteza miji, kikabaki kuegemea vijiji.

2. Sera ya ardhi igawanyeni kwa vipindi. Hapa ndipo nilipoanguka. Katika tasnifu yangu nilijaza sura nzima na makabaila wakinyang'anywa mashamba wakati wa vita dhidi ya Japani. Msimamizi wangu aliuzungushia wino mwekundu mwaka 1937, akaandika pembeni: "Nani alinyang'anywa?" Nilikesha nikitafuta jibu, sikulipata. Mwaka ule chama kiliungana na Kuomintang dhidi ya Japani, na unyang'anyi ukasitishwa. Kilichobaki ni kupunguza kodi ya shamba kwa robo na kubana riba. Mkulima aliyekuwa akimpa mwenye shamba magunia manne katika kila kumi, sasa alipaswa kutoa matatu. Shamba lilibaki la kabaila, naye alibaki kijijini. Sura yote niliifuta, nikaanza upya, nikachelewa kukabidhi.

Japani ilipokwisha kushindwa, unyang'anyi ulirudi kwa agizo la chama la Mei 1946, na sheria ya Oktoba 1947 ikaamuru ardhi igawiwe sawa kwa kila kichwa. Makada waliitisha mikutano ya kusema machungu: mkulima anasimama mbele ya jirani zake, anamhesabia kabaila madeni na vipigo vya miaka. Someni kwa makini kinachofuata. Aliyekwisha kusema hadharani na kuchukua shamba anajua kwamba Kuomintang wakirudi, kabaila atarudi nao. Huyo ana sababu ya kumruhusu mwanawe aingie jeshini. Wengine walishinikizwa tu, hilo pia liandikeni. Na kuna vijiji vilivyopitiliza, wakulima wa kati wakaporwa, watu wakauawa kwa kipigo, hadi chama kikalegeza kamba mwaka 1948.

3. Vita visiwapotee. Katika mapigano ya Huaihai dhidi ya Kuomintang, kuanzia Novemba 1948 hadi Januari 1949, mamilioni ya wakulima walipeleka nafaka mstari wa mbele na kurudi na majeruhi, wengi wakisukuma mikokoteni ya gurudumu moja. Lakini mkokoteni haurushi mzinga. Sehemu ya silaha za jeshi la wakomunisti ilitoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, zilizoachwa na Wajapani baada ya Wasovieti kuingia mwaka 1945. Insha yenye wakulima bila Manchuria nitairudisha.

4. Mfumuko wa bei mijini: aya moja inatosha.

Semina ijayo njooni na insha zilezile, kila penye neno "ardhi" pameandikwa mwaka pembeni kwa penseli. Tutaanza na 1937.