Lebo za asali zinateleza kwenye stika

"Wakuu, nachapa lebo za asali, A4 yenye safu 8. Safu ya kwanza inakaa sawa, ya mwisho inapanda juu milimita 7. Nimebadilisha pambizo mpaka nimechoka. Niko Masaka."

Ndugu, pambizo iache kwanza. Ingekuwa na kosa, safu zote zingehama kwa kiasi kilekile. Yako inaongezeka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ama printa inapunguza ukurasa, ama umbali kati ya safu umeandikwa vibaya.

Chora mstari wa wima wa milimita 200 kwenye faili hilohilo, uchape kwenye karatasi ya kawaida, kisha upime kwa rula. Ukipata 194, ukurasa umepunguzwa hadi asilimia 97. Kwenye dirisha la kuchapa ondoa Fit, weka Actual size, na hakikisha karatasi ni A4, si Letter.

Ukipata 200 kamili, kosa liko kwenye kiolezo. Kutoka safu ya 1 hadi ya 8 kuna hatua 7, na umepoteza milimita 7, yaani 1 kwa kila hatua. Kwenye Word fungua Details za lebo. Kama Vertical Pitch, yaani umbali wa safu hadi safu, ni 33 mm, andika 34 mm.

Sasa ndipo urekebishe Top Margin. Weka karatasi ya majaribio juu ya stika, uzielekeze kwenye mwanga wa dirisha, utaona tofauti. Stika ni ghali, usizijaribie.

Ikibaki milimita moja inayobadilika kila karatasi, hizo ni rola za printa. Punguza tu maandishi yasikaribie ukingo.